Madai ya Hataza: Maswali ya Mafundi wa Tanga Kabla ya Kutoa Leseni

Wanaoniletea hapa Ngamiani hati za hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, huja wakiwa na haraka, kwa sababu tayari wameshapata mtu anayetaka kutengeneza mashine yao na kuwalipa. Swali lao la kwanza huwa ni la bei. Langu huwa ni moja tu: dai la kwanza linasemaje? Wengi hawajui. Haya ndiyo maswali yanayofuata baada ya hapo, na majibu yake. Mfano utakaouona kote ni wa mashine ya kuchambua mkonge. Umetokana na kisa cha kweli, ila nimebadilisha sehemu za mashine na nambari zote ili mwenyewe asitambulike.

Hati yangu ina kurasa 23. Kwa nini unaniambia nianzie nyuma?

Kwa sababu unachomiliki kimeandikwa huko nyuma. Hati ya hataza ina ikisiri, maelezo, michoro na madai. Ikisiri ni ya kumsaidia mtafutaji ajue hati inahusu nini, haina kazi nyingine. Maelezo yanafundisha: yanasema tatizo lilikuwa nini, wewe umelitatua vipi, na fundi mwingine afanye nini ili apate matokeo uliyoyapata. Madai ndiyo mipaka. Ni sentensi zenye nambari, kwa kawaida kila dai ni sentensi moja hata likijaza nusu ukurasa, na kila moja inasema: kitu hiki, chenye sehemu hizi, ni changu.

Ukitaka mfano wa karibu, fikiria shamba. Maelezo ni kama mzee anayekutembeza shambani akikuonyesha minazi na kisima. Madai ni mawe ya mpaka. Mnunuzi mwenye akili humsikiliza mzee kwa heshima, kisha huenda kuhesabu mawe.

Lakini mchoro wangu unaonyesha kila kitu. Haunilindi?

Haukulindi peke yake. Sheria yetu ya hataza, sawa na Itifaki ya Harare inayotumiwa na ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika linaloshughulikia hataza, inayapa madai kazi ya kuweka upeo wa ulinzi. Maelezo na michoro hutumika kuyafasiri madai pale neno lake linapotatanisha. Kwa hiyo ikiwa umechora kinga ya mikono maridadi kabisa lakini hakuna dai linaloitaja, mtu akiichukua kinga hiyo peke yake na kuifunga kwenye mashine tofauti, huna la kumfanya. Umemfundisha bure. Vitu vilivyomo kwenye maelezo na havimo kwenye madai huhesabiwa kuwa zawadi kwa umma, na nimeona watu wakitoa zawadi kubwa sana bila kujua.

Nionyeshe dai moja, halafu unieleze linavyosomwa.

Haya. Kwanza tatizo lenyewe. Jani la mkonge ni nene kwenye kitako na jembamba kuelekea nchani. Katika mashine ndogo za kuchambulia, zile zisizo korona, yaani mashine kubwa ya kiwandani, jani huingizwa kati ya ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi na bamba la chuma lililo mbele yake. Visu vinakwangua nyama ya kijani, singa zinabaki. Nafasi kati ya ngoma na bamba ikiwa kubwa, ncha ya jani inatoka na ukijani wake. Ikiwa ndogo, kitako kinabanwa, singa zinakatika na kuishia kwenye taka. Na singa zenyewe si nyingi: katika kilo 100 za majani unatarajia kilo 4 hivi za singa kavu, kwa hiyo kila kinachokatika kinauma.

Fundi wetu alilifunga bamba kwa springi. Kitako kikiingia bamba linarudi nyuma, ncha ikipita bamba linasogea mbele. Mashine yake ya majaribio ilikuwa pia na tangi la maji juu ya ngoma, la kuoshea singa zinapotoka. Dai la 1 likaandikwa hivi:

> 1. Mashine ya kuchambua majani ya mkonge, yenye: fremu; ngoma inayozunguka iliyofungwa kwenye fremu na yenye visu butu kwenye mzingo wake; bamba lililo mkabala na ngoma, likiacha nafasi ya kupitisha jani; springi inayolisukuma bamba kuelekea ngoma ili nafasi hiyo ibadilike kufuatana na unene wa jani; na tangi la maji lililofungwa juu ya ngoma, lenye bomba la kunyunyizia singa.

Yakafuata mengine mafupi:

> 2. Mashine ya dai la 1, ambayo nafasi hiyo ni milimita 1 hadi 3 pasipokuwa na jani.
>
> 3. Mashine ya dai la 1 au la 2, ambayo ngoma inaendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda.

Ukilisoma dai la 1 kama hadithi, linavutia. Usilisome hivyo. Chukua kalamu, piga mstari kila penye nukta-mkato, na uhesabu vipande. Hapa kuna vitano: fremu, ngoma yenye visu, bamba, springi, tangi. Maneno yanayotangulia, "mashine ya kuchambua majani ya mkonge", nayo hayakuwekwa kama pambo. Mtu anayeuza mashine ya aina hiyo kwa ajili ya migomba atakuuliza mkonge wako uko wapi.

Nitajuaje kama mashine ya mwingine imeingia ndani ya dai langu?

Kwa kuhesabu. Kanuni ni kwamba mashine ya mwingine imo ndani ya dai iwapo ina kila kipande cha dai hilo. Vitano kati ya vitano, imo. Vinne kati ya vitano, kwa kusoma maneno kama yalivyo, imetoka. Haijalishi kwamba vinne hivyo ndivyo vya maana na cha tano ni kidogo.

Tuseme mwenye karakana wa Korogwe anatengeneza mashine yenye fremu, ngoma ya visu butu, bamba na springi, lakini haina tangi. Wateja wake wanachambua bila maji kisha wanasuuza singa kwenye pipa. Chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza andika kipande cha dai, neno kwa neno, usikifupishe. Ya pili andika kinachoonekana kwenye mashine yake, pamoja na ushahidi: picha, kipimo, au risiti ya mashine uliyoinunua. Ya tatu andika ndiyo au hapana.

Fremu, ndiyo. Ngoma, ndiyo. Bamba, ndiyo. Springi, ndiyo, na hapa usikubali kwa kutazama tu. Zima mashine, sukuma bamba kwa mkono uone kama linarudi, kwa sababu kuna mashine zenye springi ambayo kazi yake ni kuzuia bolti isilegee, na springi ya namna hiyo haibadilishi nafasi. Dai linataka springi inayofanya kazi iliyotajwa. Tangi, hapana.

Hapana moja inatosha. Akili yote ya fundi wetu iko kwenye springi, na mtu wa Korogwe ameichukua springi, lakini tangi ambalo halikuwa na akili yoyote ndilo limemfungulia mlango wa kutokea.

Nilipomwonyesha jedwali hilo fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, tangi lile niliweka kwa sababu siku ya majaribio tulikuwa karibu na bomba." Mwandishi wa madai alilikuta kwenye mchoro, akaliandika. Hakuna aliyemuuliza fundi kama mashine inaweza kufanya kazi bila tangi.

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote: mashine ya kwanza iliyotengenezwa inaandikwa nzima nzima kwenye dai la 1, mpaka magurudumu ya kuikokotea. Kila neno unaloliongeza kwenye dai linapunguza eneo lako. Watu hudhani dai refu ni dai kubwa. Ni kinyume.

Kwa hiyo dai fupi ndilo bora siku zote?

Hapana, maana ufupi nao una gharama. Ukiandika tu "mashine yenye ngoma na bamba", umedai kitu ambacho watu wanakitumia tangu zamani, na dai la aina hiyo hukataliwa kwenye uchunguzi, au likipita huja kufutwa siku mtu atakapoleta ushahidi wa mashine ya zamani. Na mashine za zamani hazikosekani katika mkoa ambao mkonge umelimwa tangu enzi ya Wajerumani. Dai zuri lina kila kinachohitajika ili uvumbuzi ufanye kazi na uwe mpya, kisha linanyamaza. Kwa mashine yetu hivyo ni ngoma, bamba na springi, na fremu ya kuvishikilia.

Basi madai ya 2 na 3 yana kazi gani, kama yamebana zaidi?

Hayo huitwa madai tegemezi. Dai la 2 linabeba kila kilichomo kwenye dai la 1, halafu linaongeza kipimo. Mashine ambayo haimo ndani ya dai la 1 haiwezi kuwamo ndani ya dai la 2, kwa hiyo usipoteze muda kuyalinganisha. Ukishapata hapana kwenye dai huru, yaani lile lisilotegemea jingine, yote yanayolitegemea yameondoka nalo.

Faida yake huonekana siku mtu anapolishambulia dai la 1. Tuseme anapatikana mtu na mashine ya miaka ya nyuma yenye springi na tangi, na dai la 1 linafutwa kwa kukosa upya. Kama mashine hiyo ya zamani ilikuwa na nafasi ya milimita 8, na wewe unaweza kuonyesha kwamba milimita 1 hadi 3 ndiyo inayoleta tofauti, dai la 2 linaweza kubaki limesimama. Ni mstari wa pili wa ulinzi. Dai la 3, la injini ya dizeli na mkanda, nalionea mashaka: kufunga injini ya dizeli kwenye ngoma kwa mkanda ni jambo ambalo fundi yeyote angelifanya bila kufikiri, kwa hiyo halitaokoa chochote.

Anayetaka leseni yako atayapima hivyohivyo. Ukiwa na madai 12, usimwambie una ulinzi mara kumi na mbili. Mwambie yapi ni huru na yapi yatasimama la kwanza likianguka.

Mtu akiweka kipande cha mpira badala ya springi, si ni kitu kilekile?

Hapa mahakama zenyewe zimegawanyika, na kuna kesi inayofanana na swali lako kwa namna ya kushangaza. Kampuni ya Improver ilikuwa na hataza ya kifaa cha kung'olea nywele za miguu kilichouzwa kwa jina la Epilady. Dai lilitaja springi iliyosokotwa, inayozungushwa na mota. Inapojipinda, mizunguko yake inabana nywele upande mmoja na kuzing'oa. Kampuni ya Remington ikatoa kifaa chake chenye kipande cha mpira kilichochanwachanwa badala ya springi. Kazi ileile, kwa namna ileile. Mahakama ya Uingereza ikasema dai linasema springi, na mpira si springi, Remington yuko huru. Mahakama ya Ujerumani, kwa uvumbuzi uleule, ikasema fundi anayeijua kazi angeona mpira unafaa vilevile, kwa hiyo Remington ameingia ndani.

Kabla ya hapo Uingereza ilikuwa na kesi ya Catnic, iliyoamuliwa mwaka 1980. Dai lilihusu linta ya chuma ya juu ya mlango, yenye ubavu wa nyuma uliosimama wima. Mshindani akauinamisha ubavu huo kwa nyuzi 6 kwenye aina moja na 8 kwenye nyingine, akidai kwamba sasa si wima tena. Nguvu ya kubeba mzigo ilipungua kidogo sana. Majaji wakasema hakuna mwashi atakayeamini kwamba mwandishi wa dai alimaanisha wima kamili ya kwenye hesabu, na mshindani akashindwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya dawa kati ya Actavis na Eli Lilly, ikaufungua zaidi mlango wa kuzingatia vitu vinavyofanya kazi sawa hata kama havikutajwa kwa jina.

Kwetu maamuzi ya Uingereza husikilizwa lakini hayaifungi mahakama. Kwa anayeamua kuhusu leseni, nashauri hivi: panga bei kwa kudhani kwamba maneno yatasomwa yalivyo. Ushindi wa "mpira ni sawa na springi" uuhesabu kama bahati. Na kama ombi lako bado halijaandikwa, usiandike springi popote ambapo ungeweza kuandika "kifaa nyumbufu kinacholisukuma bamba", halafu ukaiweka springi kwenye dai tegemezi na ukautaja mpira na uzito wa kuning'inia kwenye maelezo. Maneno hayo machache yangemwokolea Improver safari ndefu ya mahakamani.

Ila kulinganisha kazi hakutakusaidia kwenye tangi. Mpira unachukua nafasi ya springi. Mtu wa Korogwe hakuweka chochote mahali pa tangi. Kipande kikikosekana kabisa, hakuna cha kulinganisha.

Kwenye dai kuna neno "yenye". Wakili wangu anasema ni neno la maana sana. Kweli?

Kweli. "Yenye" au "inayojumuisha" inaacha mlango wazi kwa nyongeza: mashine yenye vipande vyako vitano pamoja na kiti, taa na redio bado imo ndani. "Inayoundwa na hivi pekee" inaufunga mlango, na mshindani akiongeza kitu kimoja anatoka. Kwenye mashine ukiona maneno ya kufunga, uliza yameingiaje. Kwenye dawa na michanganyiko yanaweza kuwa na sababu.

Bado sijapewa hataza, nina ombi tu. Naweza kusaini leseni?

Unaweza, lakini jueni wote wawili kwamba madai yaliyomo kwenye ombi ni yale unayoyatamani. Mchunguzi anaweza kuyabana, na mara nyingi huyabana. Ukimuuzia mtu kwa bei ya madai mapana na yakatoka membamba, ugomvi unaanza hapo. Weka kiwango kimoja cha mrabaha kwa kipindi cha ombi na kingine baada ya kutolewa, na mseme mapema litakuwaje ombi likikataliwa.

Upande wa pili, ombi ambalo halijatolewa lina neema moja: madai bado yanaweza kurekebishwa. Sharti ni kwamba marekebisho yasiingize kitu ambacho hakikuwamo kwenye hati ya mwanzo. Kwa fundi wetu swali likawa: je, mahali popote kwenye maelezo yake, siku ya kuwasilisha, palisemwa kwamba mashine inaweza kufanya kazi bila tangi? Tulikaa mchana mzima na zile kurasa 23. Kwenye ukurasa wa 9, katikati ya aya inayohusu beringi, tukaikuta sentensi: "Mahali pasipo na maji ya kutosha tangi linaweza kuachwa na singa zikasuuzwa baadaye." Sentensi hiyo isingekuwepo, tusingekuwa na pa kushika. Na hataza ikishatolewa, kuyapanua madai ni jambo usilopaswa kulitegemea.

Anayetaka leseni ameleta mkataba unaosema mrabaha utalipwa kwa "mashine zinazoangukia ndani ya madai". Kuna ubaya?

Si maneno ya hila, ni ya kawaida kabisa, lakini yanaleta udhaifu wa madai yako mpaka mfukoni. Chukua hesabu ya mfano. Mashine inauzwa shilingi 3,000,000 na mrabaha ni asilimia 4, yaani 120,000 kwa kila mashine. Akiuza 50 kwa mwaka, unatarajia 6,000,000. Sasa akitengeneza 40 kati ya hizo bila tangi, hizo 40 haziko ndani ya dai la 1 kama lilivyoandikwa, na kwa maneno ya mkataba wenu hazidaiwi mrabaha. Unabaki na 1,200,000, na hajakuibia hata senti. Ameusoma mkataba vizuri kuliko wewe.

Dawa yake ni kuacha kuuza hataza peke yake. Fundi ana vitu vingine ambavyo mtengenezaji anavihitaji: michoro ya karakana yenye vipimo, aina ya chuma cha visu, ugumu wa springi uliopatikana baada ya kuvunja springi nyingi, na siku kadhaa za kuwafundisha mafundi wake. Huo ni ujuzi, nao unaweza kuwekewa leseni pamoja na hataza. Bidhaa za leseni zielezwe kwa njia mbili: zile zilizomo ndani ya dai lolote lililo hai, na pia zile zilizotengenezwa kwa kutumia michoro na ujuzi mliokabidhiana. Mtenganishe viwango, kwa mfano kikubwa kwa kundi la kwanza na kidogo kwa la pili, ili dai likianguka au hataza ikiisha muda pasiwe na utata wa nini kinaendelea kulipwa. Mkataba uwe wa maandishi na muusajili BRELA, msiuache kwenye droo.

Nikishapata hataza nina ruhusa ya kutengeneza mashine yangu, si ndiyo?

Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine. Ruhusa ya kutengeneza ni jambo jingine. Kama mtu ana hataza iliyo hai ya ngoma yenye visu vya umbo fulani, na mashine yako inatumia umbo hilo, springi yako haikufuti kwenye dai lake. Vipande vyake vyote vimo kwako. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi mwenye leseni kwamba hatasumbuliwa na mtu, fanya jedwali lilelile kwa upande wa pili: madai ya wengine safu ya kwanza, mashine yako safu ya pili. Na usiweke sahihi kwenye kifungu kinachokufanya wewe fundi ulipe gharama zote za kesi ya mtengenezaji mwenye mtaji mara mia ya wako.

Mteja mwingine yuko Kilifi. Madai yangu yanafika huko?

Hataza iliyosajiliwa Tanzania Bara inakomea Horohoro. Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Kama ulipitia ARIPO, angalia nchi ulizozitaja wakati wa kuomba na kama ada za kila mwaka zimelipwa kwa kila nchi, maana ada isipolipwa hataza inakufa katika nchi hiyo na madai yake yote. Kenya ni mwanachama wa ARIPO, na mkonge wanao, lakini kama hukuitaja, mtu wa Kilifi haombi leseni yako ili atengeneze na kuuza kwao. Anachoweza kukulipia ni ujuzi. Akizileta mashine hizo kuziuza Muheza, hapo ameingia ndani ya mpaka wako.

Madai yameandikwa kwa Kiingereza. Naweza kutegemea tafsiri?

Kwa kuelewa, ndiyo, na ni lazima uelewe kabla ya kusaini. Kwa kugombania, hapana: maneno ya hati iliyosajiliwa ndiyo yanayotawala. Mfasiri mwenye Kiswahili kizuri anaweza kukuponza bila kujua. Hupenda kubadilishabadilisha maneno ili kusichoshe, akaandika "bamba" hapa na "ubapa" pale. Kwenye madai neno lililotumika mara moja kwa kitu fulani lazima lirudiwe hivyohivyo hadi mwisho, hata likichosha, kwa sababu msomaji akiona neno jipya atauliza kama ni kitu kipya. Maneno kama "takriban", "angalau" na "kila" nayo yasipotee. "Angalau springi moja" na "springi moja" si dai moja.

Yule fundi alifanyaje?

Alimwomba mnunuzi asubiri. Wakala wake aliwasilisha marekebisho: tangi likatolewa kwenye dai la 1 na kupelekwa kwenye dai tegemezi jipya, akielekeza kwenye ile sentensi ya ukurasa wa 9. Mchunguzi aliuliza swali moja kuhusu mashine ya zamani yenye bamba linalokazwa kwa bolti, wakajibu kwamba bolti hailisogezi bamba jani linapopita, na dai likapita likiwa na vipande vinne.

Mnunuzi aliporudi alikuja na injinia wake. Injinia alilisoma dai jipya kwa kalamu mkononi, akapiga mistari mitatu, akarudi mwanzo akasoma tena. Kisha akamgeukia fundi: "Mzee, na tukiweka mpira?" Fundi akamfungulia ukurasa wa dai la 5, dai huru linalotaja mpira mahali pa springi. Bei waliizungumza baada ya hapo, nami nikatoka nje kuwaacha.